Karatasi ya Sigara Nyuma ya Sikio la Baba

Nyumbani kwetu nimebaki mimi. Baba amezikwa Buswahili, dada yangu amezikwa Kiriba, na wale wengine waliohusika wako hai, wanakula, wanakaa viti vya mbele kanisani. Sitaandika majina yao, maana nimeishia darasa la nne na sitaki kuitwa barazani kujibu maswali. Lakini nitawataja kwa kazi zao, na anayejijua atajijua. Wa kwanza ni fundi redio aliyekuwa jirani yangu pale Bunda. Wa pili ni baba yangu mdogo, balozi wa nyumba kumi. Wa tatu nitamtaja mbele.

Mimi ni fundi saa. Nilijifunza Musoma mjini kwa mzee mmoja aliyekuwa na jicho moja zima na kioo cha kukuzia kwenye lile bovu, tulikuwa tunamchekaga kwamba ndiyo maana hakosei. Nikaja Bunda, nikapata baraza mbele ya duka, nikaweka meza na kasha la kioo. Wakati ule saa nyingi zilikuwa za kutia ufunguo. Halafu zikaanza kuingia za betri, na watu wakaniletea wakiwa wamekasirika, "Fundi, saa mpya hii, natia ufunguo hadi kidole kimeota sugu, haiendi." Nawaambia hiyo haitiwi ufunguo, hiyo inakula betri. Wanafikiri nawatania.

Betri zenyewe ni ndogo kama kifungo cha shati. Kila kiwanda kina namba yake, betri ile ile moja inaweza kuwa na majina matatu, kama mtu mwenye jina la ubatizo, jina la babu na jina la utani. Nilikuwa na daftari la shule, nimeandika kushoto namba ya kiwanda hiki, katikati ya kiwanda kile, kulia ile ya herufi. Ya herufi ndiyo inayosema ukweli. Ikianza na S, ndani ni fedha. Ikianza na L, ni ile ya bei nafuu, ya alkalaini. Ikianza na M, ni zebaki. R inayofuata maana yake ni ya duara tu. Kisha namba. Arobaini na nne na arobaini na tatu zina upana mmoja, ukizilaza mezani huwezi kuzitofautisha. Zisimamishe kwa ubavu, utaona arobaini na nne ni nene zaidi, kama unene wa sarafu moja hivi. Unene huo mdogo ndio ulioniulia dada.

Baba alikuwa haisikii vizuri dunia tangu nikiwa mdogo. Alisema ni kwa sababu ya kazi ya mgodini aliyofanya ujana wake, baruti. Hospitali ya misheni walimpa mashine ya sikio, ile ya kukaa nyuma ya sikio kama mbegu ya korosho, na kijimrija kinaingia ndani. Alivaa sikio la kulia tu. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa.

Mashine ile ilimrudisha baba kwa watu. Tulipohamishiwa kijijini, watu wa koo tofauti wakabanana nyumba kwa nyumba, kila siku kesi: huyu kalisha kwenye shamba la yule, huyu kasogeza mpaka. Baba ndiye aliyekuwa anaitwa. Anakaa, anasikiliza mpaka mwisho, mkongojo katikati ya magoti, hasemi. Kisha anapewa kibuyu cha togwa. Kwetu ilikuwa hivyo: mwenye kusema neno la mwisho hasemi, anapokea kibuyu. Akinywa, amekubali yaliyosemwa na shauri limefungwa. Akikikataa, mnaanza upya. Kibuyu kikishanywewa hakitapikwi, ndivyo walivyosema.

Betri ya mashine ile ilikuwa M, ya zebaki, arobaini na nne. Mimi ndiye niliyemletea. Nilikuwa namtafutia kwa watu wanaovuka mpaka wa Kenya pale Sirari, wananiletea tatu nne zimefungwa kwenye kitambaa pamoja na vioo vya saa. Betri moja ilimkalia kama wiki mbili hivi, maana alikuwa anaizima akila na akilala. Alikuwa mchoyo wa kusikia. Ukimpigia soga ya kijinga anafungua kile kidroo cha betri mbele yako, anakutazama tu.

Sasa dada. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na mama yetu alifariki akimzaa. Baba alimlea mwenyewe, kwa maziwa na ukaidi. Alimaliza darasa la saba na jina lake likatoka kwenda kusomea uuguzi. Si kitu kidogo, msichana kutoka kule kwetu. Baba aliliweka tangazo lile kwenye Biblia. Akasema mbele za watu, "Huyu haolewi mpaka nimuone na gauni jeupe. Mama yake alikufa mikononi mwa wanawake wasiojua kitu. Huyu atajua." Kila mtu alilisikia neno hilo. Baba yangu mdogo alilisikia vizuri zaidi ya wote.

Baba mdogo alikuwa na mtu wake Kiriba, mwenye mitumbwi na nyavu, tayari ana wake wawili. Mtu yule alikuwa amemuona dada kwenye sherehe ya kipaimara. Ng'ombe angetoa, na wengine wangepita zizi la baba mdogo kwanza, kama kawaida ya washenga. Alimletea baba habari mara mbili. Mara mbili baba alikataa kibuyu. Mara ya pili alikimwaga.

Dada alikuwa aondoke baada ya mavuno ya pamba. Nilikuwa nimeshamnunulia viatu.

Ndipo ukaja ule mwaka wa msako wa walanguzi. Waliokuwepo wanakumbuka. Sabuni ilikuwa kosa, kanga mbili mpya zilikuwa kosa. Musoma watu walitupa ziwani vitambaa vya madoti na madoti, samaki wakavaa kuliko sisi. Mimi nilikuwa na kopo la dawa ya meno ya unga, ndani yake betri kama kumi na tano, hazina risiti hata moja. Tatu zilikuwa za baba. Nilikuwa nalala nalo chini ya mto.

Fundi redio jirani yangu alikuwa mtu wa mizaha. Siku moja mchana, niko kwenye meza, akaja mbio ameshika kaptura. "Jirani! Mgambo! Wako kwa muuza baiskeli, wanakuja na huku!"

"Unasema kweli?"

"Kaa hapo unihoji! Wana lori!"

Sikufikiri. Nilishika kopo, nikazunguka nyuma, nikalimimina lote kwenye shimo la choo. Nilizisikia zikigonga ukuta wa shimo, tik, tik, kisha basi. Nikarudi mezani. Jirani amekaa kwenye kiti changu, anacheka mpaka machozi.

"Mgambo wako wapi?"

"Wamepita na lori la upepo. Ulikuwa na nini wewe, mlanguzi mkubwa? Dhahabu?"

Nilimpiga. Watu wakatuamua. Alisema ni utani tu, jamani, mbona mtu huyu hana utani. Mpaka leo akinikuta anasema, "Bado una hasira za choo?" Hajui. Au anajua, sijui lipi baya zaidi. Huyo ndiye wa kwanza.

Siku ya tatu baba akaja Bunda. Alikuja na lori la pamba, amekaa mbele na dereva, kanzu safi. Mashine ilikuwa imekufa njiani. Nikamuandikia kwenye karatasi kwamba betri zake sina. Akasoma, akanitazama. Kusoma alikuwa anasoma polepole, kwa kidole.

"Mura," akaniambia, kwa lugha yetu ni kijana, "kesho kuna kikao nyumbani. Mpaka wa wale wawili wa kando ya mto. Watapigana mapanga nisipokuwepo. Nitie chochote."

Nitie chochote. Nimelisikia neno hilo miaka yote hii.

Nilifungua kasha langu. Nilikuwa nimebakiza betri moja iliyokuwa imelala chini ya kitambaa, L, arobaini na tatu, ya kikokotoo cha mtu. Upana ni ule ule. Nguvu yake inazidi kidogo ile ya zebaki, mashine haitajali. Shida ni unene tu. Nikiiweka kwenye kidroo inacheza, ulimi wa chuma unaogusa juu haufiki. Mzee wangu wa Musoma alinifundisha dawa ya hilo: karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Unakwangua karatasi nyeupe ya ndani inabaki bati tupu, unakunja mara nne tano, unaziba pengo.

Lakini alinifundisha na jambo la pili. Betri hizi zina pande mbili. Upande mmoja ni bakuli, limeshika chini na ubavu wote, huo ni wa jumlisha. Upande wa pili ni kifuniko kidogo katikati, huo ni wa kutoa. Kati yake kuna kipete cha plastiki, chembamba kama ukucha, ndicho kinachozuia bakuli lisiguse kifuniko na maji ya ndani yasitoke. Bati ukiliweka chini ya bakuli, hata likisogea, hakuna kitu. Ukiliweka juu ya kifuniko, likate dogo kuliko kifuniko, na ulibane lisitembee. Likisogea likagusa ukingo wa bakuli, umeunganisha pande zote mbili. Betri inajipiga yenyewe. Inachemka, inajaa hewa, na kwa kuwa haina pa kutolea inakisukuma kile kipete, maji yanatoka. Na maji hayo si maji, ni makali kama magadi yaliyokolea, yanateleza kidoleni kama sabuni, kisha yanakula. Yakikauka yanaacha chumvi nyeupe.

Nilijua yote hayo. Nawaambia nilijua. Lakini dereva alikuwa anapiga honi, na pengo lilikuwa juu, upande wa ulimi, nikaliziba pale pale nilipoliona. Sikulikata bati kwa mkasi. Nililikunja kwa kucha. Nikafunga kidroo, nikamvalisha baba, nikasema taratibu nyuma yake, "Baba, unanisikia?"

Akacheka. "Usipige kelele, mimi si kiziwi."

Dereva naye akacheka. Nikajisikia fundi kuliko mafundi wote wa Mara. Nikafunga meza nikapanda nao, mimi nyuma juu ya magunia, nikamsikilize mzee wangu akiamua kesi.

Barabara ya kwetu mnaijua. Ilikuwa inatupa gunia na mtu pamoja.

Kikao kilikaa asubuhi ya pili yake. Kwanza ulikuja mpaka. Wale wawili wakasema, mmoja kwa hasira, mmoja kwa kulia. Baba amekaa, mkongojo katikati ya magoti. Mimi nilikaa nyuma na vijana, kwetu kijana ambaye hajaoa hasemi kikaoni, hata kukohoa anatoka nje. Dada alikuwa jikoni anakoroga togwa ile ile.

Niliona baba anagusa nyuma ya sikio mara moja. Akatazama kidole. Akajifuta kwenye kanzu. Nikafikiri jasho.

Kesi ya mpaka haikuisha. Iliahirishwa mpaka waje mashahidi, na wale wawili walikuwa wameamua hivyo wenyewe kwa maneno ya chini chini. Ndipo baba mdogo akanyanyuka, akahamia upande wa kushoto wa baba, akainama. Alijua sikio la kushoto ni ukuta. Mtu wa miaka hamsini, ndugu yake wa tumbo moja, hajui sikio gani? Akasema kwa sauti ya kikanisa, haraka, "Na lile la mtoto wetu na mgeni wetu wa Kiriba, wazee wameshaliona, ng'ombe wako njiani, tunakuomba tu, kaka, ulifunge." Na akampa kibuyu.

Mimi nilisikia kila neno. Nilisikia, na nikamtazama baba, nikasubiri akimwage.

Akakitazama kibuyu. Akawatazama wale wawili wa mpaka, ambao walikuwa sasa wamekaa kimya, mmoja amejifuta machozi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefurahi watu kupatana. Akanywa.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Nimeshajiuliza kabla yenu. Si kwa sababu ya ujana, ningetoka nje nikapiga yowe. Sikusema kwa sababu niliamini anasikia. Mimi ndiye niliyemfunga betri jana, mimi mwenyewe nimemjaribu akacheka. Kazi yangu sikuitilia shaka, nikamtilia shaka baba yangu. Nikasema moyoni, kumbe ng'ombe wamemshinda mzee. Nikamchukia, pale pale, kwa dakika kadhaa nilimchukia.

Wanawake wakapiga vigelegele nje. Baba hakugeuka. Hata mtu wa mawe angegeuka kwa vile vigelegele.

Wageni walipotawanyika nilimfuata chumbani, nikamvua mashine. Ilikuwa ya moto bado. Kidroo kilikuwa kimevimba hakifunguki, nikakikwanyua kwa kisu. Betri ilikuwa imetuna tumbo kama kupe. Bati la sigara limelala upande, limepanda ukingo wa bakuli. Ule ulimi wa chuma umekuwa wa kijani, umelika nusu. Na nyuma ya sikio la baba, ngozi imebabuka, nyekundu, unyevu, mstari mrefu kufuata mashine. Alikuwa ameungua muda wote ule wa kikao hakuinua mkono kuivua, kwa sababu kuivua mbele za watu ni kusema, tazameni, kiziwi anawaamulia.

Nikamuosha kwa maji mengi. Nikamuandikia kwenye karatasi yaliyosemwa. Akasoma kwa kidole. Alipofika kwenye neno Kiriba kidole kikasimama.

Alimwita ndugu yake. Nilikuwepo mlangoni. Baba akasema kwa ile sauti ya viziwi, ya juu, nyumba nzima ingesikia lakini dada alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi kupakwa mafuta. "Sikusikia! Mashine ilikufa! Sikusikia!"

Baba mdogo hakupiga kelele. Alichukua ile kalamu na karatasi yangu akaandika, akamsogezea. Nami nikasoma baada yake. Aliandika hivi: Sema kesho mbele ya watu kwamba hukusikia. Nao watauliza, na ya mwaka jana ulisikia? Na mpaka wa fulani ulisikia? Kesi zote zitafufuka.

Baba akakaa na karatasi ile. Ng'ombe walikuwa tayari wanalia nje, wameshafika. Kijiji kile kilikuwa kimesimama juu ya vibuyu alivyokunywa. Wale wa kando ya mto walikuwa wameshanoa. Akafikiri mpaka taa ikawashwa, kisha akaichana karatasi, akaitia mfukoni. Hakusema tena kwamba hakusikia. Si siku ile wala siku nyingine. Alichagua aonekane baba katili kuliko ijulikane ni kiziwi, na alichagua hivyo kwa ajili ya watu ambao hata mazishini kwake wengine hawakuja.

Dada alipochukuliwa alipita mbele ya baba akapiga magoti. Hakulia. Akasema, na baba akimtazama mdomo, "Asante baba kwa kunilea." Baba akafikiri anaaga tu. Mimi nilijua ni tusi.

Mashine haikufanya kazi tena. Nilijaribu kuuunga ulimi kwa risasi ya kuyeyusha, ukakatika. Kule misheni waliniambia nyingine labda mwakani, na mwakani labda. Baba akaacha kuitwa kwenye vikao, kidogo kidogo, hata hivyo. Kwa hiyo hata kile alichokinunua kwa mtoto wake hakukipata. Aliishi miaka mitatu. Kovu la nyuma ya sikio halikuota nywele. Dada alikuja mazishini na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akasimama mbali kidogo na kaburi, kama jirani. Mwaka uliofuata naye akafa, akijifungua wa tatu, mikononi mwa wanawake wasiojua kitu. Yaani kama baba alivyosema, ila kinyume.

Lakini kuna siku moja sijaiandika, nimekuwa naizunguka. Ni kabla baba hajafa. Alikuwa mgonjwa, lakini anakaa, anatambua watu.

Dada alikuja Bunda peke yake, mchana wa gulio. Alikuwa amekonda, miguu imepasuka kwa mchanga wa ziwa. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akafungua fundo la kanga, akatoa saa.

"Ya shemeji yako, kaka. Imesimama. Amesema nisirudi nayo ikiwa imesimama."

Nikaifungua. Haikutaka kufunguka, mfuniko ulikuwa umebanwa kwa jiriwa mpaka umeingia ndani. Ndani kulikuwa na chumvi nyeupe kila mahali.

"Nani kaibana hivi?"

"Fundi baiskeli wa kule. Alisema betri ni betri."

Nikamuonyesha. Nilifurahi kuwa na kitu cha kumuonyesha. Nikamwambia shimo hili ni la arobaini na tatu, S, ya fedha. Yeye kaweka arobaini na nne, ya L, nene. Mfuniko haukufunga akaulazimisha. Betri ikakunjwa, kipete cha ndani kikaachia, maji yakatoka. Ungeiacha ingeendelea kula mpaka nyaya za ndani. Nikachovya njiti yenye pamba kwenye maji ya limau, nikaanza kusafisha, chumvi ikachemka kidogo kidogo na kuyeyuka. Alikuwa anatazama kwa makini sana. Angekuwa nesi mzuri.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" akauliza.

"La betri," nikasema.

"Betri ina miguu? Iliingia yenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachezea fundo la kanga. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kaka, siku ile. Ile mashine ya baba ilikuwa inafanya kazi?"

Hapa nilikuwa na nafasi. Mashine ilikuwa kwenye droo ya meza, chini ya goti langu, na betri iliyotuna na bati lake la sigara, nimeifunga kwenye kitambaa. Ningevuta droo tu. Alikuwa ameshafundishwa, dakika ile ile nilikuwa nimemaliza kumfundisha, angeiona na kuelewa mwenyewe bila mimi kusema neno. Na basi la kwenda kwetu lilikuwa limesimama pale ng'ambo, linaita watu. Angefika kabla ya jua kuzama. Baba alikuwa hai.

Nikafikiri, akijua ni mimi, hatakuwa na mtu. Baba kamtupa, kaka naye ndiye aliyeiharibu, atarudi Kiriba na nani moyoni? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

"Niliiweka betri mwenyewe jana yake," nikasema. "Nikamjaribu, akanisikia."

Kila neno lilikuwa la kweli.

"Basi alisikia," akasema. "Alisikia, akanitoa."

Akasema kwa utulivu kama mtu aliyeambiwa bei. Nikainama kwenye kazi. Nikafungua daftari, nikatafuta namba ya kiwanda, nikalinganisha na ya herufi, nikaisimamisha betri kwa ubavu kwenye ukucha, nikapima unene. Nikaishika kwa kibano cha plastiki, si kwa vidole, ili jasho lisiiunganishe. Sikukosea hata kimoja. Nikanyoosha mfuniko, nikaufunga, ukaingia wenyewe kwa kubonyeza kwa kidole gumba. Mshale ukaanza kutembea.

Akaiweka sikioni kwanza, akasikiliza. Kisha akaifunga kwenye kanga.

"Ikivuja tena nitakuletea."

"Haitavuja."

Basi la kwetu likaondoka, yeye akapanda la Musoma.

Wa tatu mmeshamjua, ni fundi saa. Mazishini Kiriba nilimpa shemeji mkono, sikuwa na namna. Mkononi mwake ile saa ilikuwa inatembea.